Kwa Nini Jibu Ni 5 na Si Sifuri

Mpe mwanafunzi wa kidato cha sita mtajo huu, √(x² + 10x) − x, kisha umuulize unakaribia namba gani x inapozidi kukua bila mwisho. Mara nyingi utapata moja kati ya majibu mawili. Wa kwanza atasema sifuri: x ikiwa kubwa sana, ile 10x haina uzito mbele ya x², kwa hiyo tuiache, kipeuo cha pili cha x² ni x, na x kutoa x ni sifuri. Wa pili atasema swali halina jibu, kwa sababu kipeuo chenyewe kinakua bila mwisho, x nayo inakua bila mwisho, na kitu kisicho na mwisho ukikitoa kwenye kingine kisicho na mwisho hujui kinabaki nini.

Wote wawili wana hoja, na wote wawili wamekosea. Jibu ni 5.

Kabla ya kueleza, tuzitazame namba zenyewe. Weka x = 10. Ndani ya kipeuo tunapata 100 + 100, yaani 200, na kipeuo chake cha pili ni 14.142. Toa 10, inabaki 4.142. Weka x = 100: kipeuo cha pili cha 11,000 ni 104.881, inabaki 4.881. Weka x = 1,000: inabaki 4.988. Kwa x = 1,000,000 masalio ni 4.9999875. Namba hizi hazielekei sifuri wala hazikimbii kwenda juu. Zinapanda polepole zikiinyemelea 5, na hazitaifikia kamwe. Namba inayokaribiwa namna hii ndiyo wanahisabati huiita kikomo.

Sasa tumrudie yule wa kwanza, maana kosa lake ndilo lenye faida zaidi kulichunguza. Ni kweli kwamba 10x ni ndogo mbele ya x². Kwa x ya milioni moja, x² ni trilioni moja na 10x ni milioni kumi tu, yaani sehemu moja ya laki moja. Hapo hajakosea. Alichosahau ni kwamba baada ya kupata kipeuo ataondoa karibu chote alichopata. Kipeuo ni 1,000,004.9999875. Ukitoa milioni moja, kile kikubwa kinaondoka chote, na kinachobaki ni kile kidogo alichokwisha kukitupa. Ni sawa na muuza duka anayehesabu mauzo ya siku bila kujali shilingi mia mia, kisha akatoa gharama ya mali na kujiuliza faida imepotelea wapi, kumbe faida yote ilikuwa kwenye hizo mia mia.

Kwa hiyo hatutupi kitu. Tunakipanga. Njia ni kuitoa nje ya mabano ile sehemu inayotawala ndani ya kipeuo, yaani ile yenye kipeo kikubwa kuliko nyingine. Hapa ni x²:

x² + 10x = x²(1 + 10/x)

Ukipiga hesabu upande wa kulia utarudi ulikotoka, kwa sababu x² mara 10/x ni 10x. Hakuna kilichobadilika isipokuwa sura, na sura hii mpya inaeleza mengi. Ndani ya mabano tuna 1, ambayo haibadiliki, na 10/x, ambayo inayeyuka kadiri x inavyokua. Kwa x ya elfu moja ni 0.01, kwa x ya milioni ni 0.00001. Sasa tunaona waziwazi kipi kikubwa, kipi kidogo, na kidogo kwa kiasi gani.

Kipeuo cha pili cha mazao ya namba mbili zisizo hasi ni mazao ya vipeuo vyake. Kwa x chanya tunaandika:

√(x² + 10x) = x√(1 + 10/x)

na mtajo wetu wote unakuwa:

x(√(1 + 10/x) − 1)

Hapa wengi hukwama. Kilicho ndani ya mabano kinakwenda sifuri, x iliyo nje inakua bila mwisho, na sifuri mara kisicho na mwisho haina jibu la papo kwa papo. Lakini tumepiga hatua, kwa sababu swali limekuwa bayana: mabano yanapungua kwa kasi gani ikilinganishwa na kasi ya x kukua?

Kanuni ya tofauti ya miraba inatuokoa: (a − b)(a + b) = a² − b². Tuzidishe na tugawe kwa √(1 + 10/x) + 1, jambo ambalo halibadilishi thamani. Juu, kwenye kiasi, tunapata x mara (1 + 10/x − 1), yaani x mara 10/x, ambayo ni 10 kamili. Kipeuo kimetoweka na x imetoweka. Chini, kwenye asili, inabaki jumla:

10 / (√(1 + 10/x) + 1)

Sasa tunaweza kuiacha 10/x iende zake bila hofu, maana hakuna tena kutoa. Kuna kujumlisha na kugawanya tu. Asili inakaribia 1 + 1, yaani 2, na 10 kwa 2 ni 5.

Ushahidi umekamilika, lakini msomaji makini atauliza kwa nini jibu ni nusu ya 10, na kama ni bahati tu ya hesabu. Si bahati. Mchoro unaoeleza sababu una umri wa karibu miaka 1,200. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad enzi za Khalifa al-Ma'mun katika karne ya 9, aliandika kitabu cha aljebra ambacho sehemu yake kubwa inahusu wasia na mgawanyo wa mirathi. Mfano wake maarufu wa mlinganyo ni mraba pamoja na shina zake kumi zilizo sawa na 39. Sisi leo tunaandika x² + 10x = 39.

Mojawapo ya michoro yake ilikuwa hivi. Chora mraba wenye upande x. Eneo lake ni x². Ile 10x igawe nusu mbili, kila moja 5x, na kila nusu uichore kama mstatili wenye urefu x na upana 5. Mstatili mmoja uubandike upande wa kulia wa mraba, mwingine uubandike chini yake. Umepata umbo linalokaribia kuwa mraba mkubwa wenye upande x + 5, ila kona moja imekatika. Kona hiyo ni mraba mdogo wa 5 kwa 5, yenye eneo la 25. Al-Khwarizmi aliijaza: 39 na 25 ni 64, upande wa mraba wa 64 ni 8, ukitoa 5 inabaki x = 3.

Sisi hatutafuti x. Tunauliza tu kuhusu kipeuo cha pili cha x² + 10x, yaani upande wa mraba ambao eneo lake ni sawa na lile umbo lenye kona iliyokatika. Umbo hilo limepungukiwa na 25 tu ili liwe mraba wa upande x + 5. Mraba ukiwa na upande wa milioni moja, upungufu wa 25 ni nini? Ukitaka kuugawa upungufu huo sawasawa, itabidi uupunguze mraba kamili kwa kunyoa utepe mwembamba kwenye pande mbili. Pande hizo mbili kwa pamoja zina urefu wa karibu 2x, kwa hiyo upana wa utepe ni karibu 25 gawanya kwa 2x, yaani 12.5/x. Basi kipeuo chetu ni x + 5, kasoro karibu 12.5/x. Ukitoa x inabaki 5, kasoro karibu 12.5/x. Rudi kwenye namba za mwanzo: kwa x ya milioni moja, kasoro hiyo ni 0.0000125, na 5 ukiipunguza kwa kiasi hicho unapata 4.9999875, namba ileile.

Ndiyo sababu nusu. Ile 10x imelazimika kugawanywa kwenye pande mbili za mraba. Ingekuwa 6x, kikomo kingekuwa 3. Ingekuwa −14x, kingekuwa −7. Mwalimu anayeanza na mchoro huu kabla ya kuzidisha juu na chini kwa mtajo mwenza atakuwa amewapa wanafunzi wake kitu cha kushika. Anayeanza na ufundi wa kuzidisha huwaachia mazingaombwe.

Isidhaniwe kwamba kila mtajo wa aina hii unahitaji kazi yote hiyo. Uzuri wa kutoa sehemu inayotawala nje ya mabano ni kwamba inakuambia mapema kama kazi ipo. Chukua √(4x² + 10x) − x. Toa x² nje, unapata x(√(4 + 10/x) − 1). Mabano yanakaribia 2 − 1, yaani 1, na x iliyo nje inakua bila mwisho, kwa hiyo mtajo wote unakua bila mwisho. Kazi imekwisha kwa mstari mmoja. Wanafunzi wengi hapo huvamia mtajo mwenza kwa mazoea, wakajaza nusu ukurasa kutafuta kitu ambacho kilikuwa wazi. Shida ipo pale tu mabano yanapokwenda sifuri, yaani pale vikubwa viwili vinapolingana kabisa na kufutana.

Na pale ambapo hakuna kufutana, yule mwanafunzi wetu wa kwanza yuko sahihi kabisa kuidharau ile sehemu ndogo. Mfano ni sehemu hii:

√(9x² + 5x + 7) / (2x − 1)

Juu, toa x² nje ya kipeuo. Chini, toa x nje ya mabano. Kwa x chanya tunapata x√(9 + 5/x + 7/x²) juu na x(2 − 1/x) chini. Zile x zinakatana, vipande vyote vyenye x kwenye asili vinayeyuka, inabaki √9 gawanya kwa 2, yaani 3/2. Hakuna mtajo mwenza wala miraba. Kwenye kugawanya, makosa madogo hubaki madogo; kwenye kutoa namba mbili zinazokaribiana, makosa madogo ndiyo yanayoweza kuwa jibu lote.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote bado hatujaugusa, na ndio unaowapotezea watahiniwa alama nyingi. Tumesema "kwa x chanya" mara kadhaa. Itakuwaje x ikielekea upande wa pili, kwenye hasi, −100, −1,000, −1,000,000 na kuendelea?

Alama √ kwa mapatano ya wanahisabati humaanisha kipeuo kisicho hasi. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7, hata kama hiyo 49 ilitokana na −7 kuzidishwa kwa yenyewe. Maana yake √(x²) si x. Ni thamani kamili ya x, inayoandikwa |x|. Kwa x chanya hakuna tofauti, na ndiyo sababu kosa hulala kimya muda mrefu. Kwa x hasi, |x| ni −x, na ile alama ya kutoa haiifanyi kuwa hasi: x ikiwa −7, basi −x ni 7.

Rudi kwenye sehemu yetu. Kinachotoka nje ya kipeuo sasa ni −x, huku asili ikiwa imetoa x kama kawaida. Zikikatana inabaki −1, na kikomo kinakuwa −3/2. Tuhakikishe kwa namba: kwa x = −1,000, ndani ya kipeuo tuna 9,000,000 − 5,000 + 7, yaani 8,995,007, ambayo kipeuo chake ni 2,999.168. Asili ni −2,001. Jibu ni −1.4988. Mtajo mmoja, vikomo viwili: 3/2 upande wa kulia, −3/2 upande wa kushoto. Na hata bila kikokotoo ungeweza kulijua hilo, kwa sababu kiasi ni kipeuo, hakiwezi kuwa hasi, na asili ni hasi. Chanya kwa hasi haiwezi kuzaa chanya. Anayeandika 3/2 hapo hakutazama alama.

Mtajo wetu wa mwanzo nao una sura mbili. Upande wa hasi, √(x² + 10x) − x unakua bila mwisho, maana kutoa namba hasi ni kujumlisha: kwa x = −1,000 ni 994.987 + 1,000. Penye mvutano upande huo ni √(x² + 10x) + x. Anayedhani √(x²) ni x atapata kitu kama 2x na kutangaza kwamba mtajo unazama bila mwisho. Ukweli ni kwamba kwa x = −1,000 unapata 994.987 − 1,000, yaani −5.013, na kikomo ni −5. Mchoro wa al-Khwarizmi unakubali, ukiwa mwangalifu: kipeuo kinakaribia |x + 5|, ambayo kwa x hasi kubwa ni −x − 5. Ongeza x, inabaki −5.

Ukiichora grafu ya √(x² + 10x) utaona haya yote kwa pamoja. Kati ya −10 na 0 hakuna kitu, kwa sababu ndani ya kipeuo kuna namba hasi. Kuanzia 0 kwenda kulia, mkunjo unapanda ukijilaza karibu na mstari x + 5, daima chini yake kidogo. Kuanzia −10 kwenda kushoto, mkunjo mwingine unapanda ukijilaza karibu na mstari −x − 5. Mistari hiyo miwili inakutana kwenye −5, katikati ya lile pengo.

Tahadhari ya alama haihusu kila kipeo. Ukitoa x⁴ nje ya kipeuo, kinachotoka ni x², ambayo haiwi hasi kamwe, kwa hiyo hakuna cha kuhofia. Ukitoa x⁶, kinachotoka ni |x³|, na hofu inarudi.

Nimesema namba ndizo shahidi, lakini shahidi huyu naye ana mpaka wake. Kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa takriban tarakimu 16. Jaribu mistari hii ya Python, yenye x ya 1 ikifuatwa na sifuri 18:

```
from math import sqrt
x = 1e18
print(sqrt(x*x + 10*x) - x)
print(10 / (sqrt(1 + 10/x) + 1))
```

Mstari wa kwanza wa majibu ni 0.0. Wa pili ni 5.0. Hesabu ni ileile, mashine ni ileile. Kwenye ule wa kwanza, x² ina sifuri 36 na 10x ina sifuri 19. Pengo la tarakimu 17 ni kubwa kuliko nafasi iliyopo, hivyo 10x inamezwa yote kabla kipeuo hakijatafutwa. Kompyuta imefanya kosa lilelile la mwanafunzi wetu wa kwanza, kwa sababu ileile. Kwenye ule wa pili, 10/x nayo imemezwa, lakini haikudhuru, kwa kuwa kutoa kulikwisha kufanywa kwenye karatasi na herufi badala ya namba. Kikokotoo cha kawaida cha mkononi, chenye tarakimu chache zaidi, huangukia shimo hilohilo mapema zaidi. Kwa hiyo ukipima kikomo kwa namba, tumia x ya elfu au milioni, usitumie kubwa kupindukia; ukiona majibu yanatulia kwenye 4.99 kisha ghafla yanaruka ovyo au yanaangukia sifuri, ujue tarakimu zimeisha, kikomo hakijabadilika.

Msomaji anayetaka kujipima achukue √(9x² − 12x) na atafute mambo mawili: inabaki nini ukitoa 3x huku x ikielekea ∞, na inabaki nini ukijumlisha 3x huku x ikielekea −∞. Ukipata −2 kwa la kwanza na 2 kwa la pili, umelielewa somo. Ukipata −6 au 6 popote, umesahau kugawa kwa 3; na ukiambulia jibu lisilo na mwisho kwenye swali la pili, rudi uangalie ulichoandika mahali pa √(x²).